Ankara aandike nani: muuzaji mdogo, mnunuzi, au wote wawili? Ulinganisho wa njia tatu

Chukua kiwanda kinachosaga plastiki chakavu, na mkusanyaji mdogo mwenye lori moja anayekiletea mzigo mara tatu kwa wiki. Lori likifika linapimwa likiwa na mzigo, linashusha, kisha linapimwa tena likiwa tupu. Mtu wa ubora anachukua sampuli, anaangalia unyevu na uchafu, anakata asilimia fulani. Mkusanyaji anaondoka na tiketi ya mizani mkononi. Uzito atakaolipwa, makato, daraja la mzigo, hata bei ya daraja hilo, vyote vimetoka kwa mnunuzi. Halafu mnunuzi huyohuyo anamwambia: sasa niletee ankara.

Yeyote aliyewahi kukaa dawati la malipo anajua kinachofuata. Ankara inakuja imechelewa, uzito ni ule wa kabla ya makato, tiketi mbili zimeunganishwa kwenye mstari mmoja na ya tatu imesahaulika. Mhasibu anairudisha, muuzaji anaandika nyingine kwa namba ileile, malipo yanasogea mbele, na kila upande unaamini mwenzake ni mkorofi. Ndipo linapokuja wazo kwamba mnunuzi aandike ankara yeye mwenyewe kwa niaba ya muuzaji, maana namba zote anazo tayari.

Wazo hilo si baya, na sheria za kodi za nchi nyingi zinaliruhusu. Lakini linaokoa kazi kwa kuondoa kitu ambacho kilikuwa kinalinda pande zote mbili, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kurudisha mbadala wake.

Njia zenyewe

Watu huzungumza kana kwamba ni aidha hivi au vile, lakini kwa kweli kuna njia tatu. Ya kwanza ni ile ya kawaida: muuzaji anaandika ankara na kuituma. Ya pili ni ya kati: mnunuzi anaandaa rasimu kutokana na tiketi zake, muuzaji anaisoma, anaikubali au kuirekebisha, na ankara inatoka kwa jina na namba ya muuzaji baada ya yeye kuidhinisha. Ya tatu ndiyo ankara ya mnunuzi kamili: mnunuzi anaiandaa na kuitoa, muuzaji anapokea nakala, na malipo yanaendelea isipokuwa akipinga.

| | Muuzaji anaandika | Rasimu ya mnunuzi | Ankara ya mnunuzi |
|---|---|---|---|
| Kilo na bei za ankara zinatoka wapi | Kwenye kumbukumbu za muuzaji | Kwa mnunuzi, zikapita kwa muuzaji | Kwa mnunuzi peke yake |
| Malipo yanakwama wapi | Ankara kuchelewa au kukosewa | Muuzaji kutojibu | Mara chache yanakwama |
| Kosa linaonekana na nani | Mhasibu wa mnunuzi | Muuzaji, akisoma | Huenda hakuna |
| Deni la kodi ya mauzo ni la nani | Muuzaji | Muuzaji | Muuzaji bado |

Mstari wa mwisho wa jedwali unawashangaza wengi. Mnunuzi kuandika ankara hakumfanyi yeye kuwa ndiye mwenye mauzo. Ankara imeandikwa kwa niaba ya muuzaji, mauzo ni ya muuzaji, na kodi iliyoonyeshwa humo ni yeye anayepaswa kuitangaza na kuipeleka. Uingereza wamelichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba ankara ya namna hii inatakiwa ibebe maneno yanayomkumbusha muuzaji kuwa kodi iliyoandikwa ni deni lake kwa mamlaka ya kodi.

Mstari wa tatu, wa nani anayeliona kosa, nao ndio unaoamua karibu kila kitu.

Karatasi ya tatu ilikuwa inafanya nini

Idara ya malipo hulinganisha karatasi tatu kabla ya kulipa: oda ya manunuzi, hati ya mapokezi, na ankara. Oda inasema tulikubaliana nini. Hati ya mapokezi inasema kimefika nini. Ankara inasema mtu wa nje anadai nini. Nguvu ya ulinganisho huo imo katika hiyo ya tatu, kwa sababu imeandikwa na mtu asiyeona mfumo wetu na ambaye faida yake inapingana na yetu. Zikikubaliana, tuna sababu ya kuamini.

Mnunuzi akiandika ankara mwenyewe, karatasi ya tatu inazaliwa na ya pili. Mfumo unachukua kilo za kwenye hati ya mapokezi, unazidisha kwa bei ya kwenye oda, unachapisha. Zitakubaliana kila siku, mwaka mzima, hata kama mizani imeharibika. Nimewahi kuonyeshwa ripoti yenye ulinganifu wa asilimia 100 kama ushahidi kuwa utaratibu unafanya kazi. Ripoti ile ilithibitisha kwamba kompyuta inajua kuzidisha, basi.

Tuangalie mzigo mmoja kwa karibu. Tiketi inasema lori lenye mzigo lilikuwa kilo 7,840 na lori tupu kilo 4,620, hivyo mzigo ni kilo 3,220. Makato ya unyevu ni asilimia 4, zinabaki kilo 3,091.2 za kulipwa. Bei ya daraja hilo ni 40 kwa kilo, kwa hiyo ankara ni 123,648 kabla ya kodi. Hesabu ni safi, ukiirudia kwa kikokotoo utapata hivyohivyo.

Tatizo ni kwamba ule uzito wa lori tupu haukupimwa siku hiyo. Ili foleni ya magari isikawie, mtu wa mizani alihifadhi uzito wa kila lori kwenye mfumo mara moja, na tangu hapo mfumo unaujaza wenyewe. Wakati lori hili linapimwa lilikuwa na vyuma vya pembeni na tairi la akiba. Mwenye lori amekwisha kuviondoa ili abebe zaidi. Leo lori tupu ni kilo 4,500. Mzigo halisi ni kilo 3,340, na muuzaji amepunjwa kilo 120, ambazo baada ya makato ni 115.2, yaani 4,608 kwa safari. Kwa safari 24 za miezi miwili amepoteza 110,592, karibu malipo ya mzigo mzima.

Hakuna aliyeiba. Kama muuzaji angeandika ankara yake kutokana na mizani ndogo anayopimia marobota kabla ya kupakia, tofauti ya kilo mia na ushee ingejitokeza kila wiki na mtu angeinua simu. Chini ya ankara ya mnunuzi, yeye anapokea nakala yenye namba zilezile za tiketi, anaona zinakubaliana, anaendelea na shughuli zake.

Namna ya kuligundua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: pakua tiketi za mwezi na utazame safu ya uzito wa gari tupu. Lori linalopimwa kweli halirudii uzito uleule, maana dizeli hupungua, matope hushika, dereva hupanda au hushuka. Ukiona 4,620 mara kumi na mbili mfululizo, hakuna aliyepima. Kosa hili huweza pia kwenda upande wa pili, lori likiwa limeongezewa bodi na uzito wa zamani ukabaki, na hapo ni mnunuzi anayelipia chuma kwa bei ya plastiki. Kati ya makosa hayo mawili, ni lile la kumpunja muuzaji tu ndilo utakalosikia likilalamikiwa, na si kila mara.

Shahidi arudishwe langoni, si ofisini

Kwa sababu hiyo, udhibiti wa kwanza wa ankara ya mnunuzi haumo kwenye ankara. Umo kwenye hati ya mapokezi. Ile sauti ya nje iliyokuwa inakuja na ankara ya muuzaji lazima isikike mapema zaidi, pale mzigo unapopimwa, mzigo ungalipo na dereva amesimama hapo.

Kwa vitendo, tiketi ichapwe wakati uleule ikiwa na namba ya mfululizo, uzito wa kwanza, uzito wa pili, saa ya kila upimaji, na asilimia ya makato pamoja na sababu yake. Dereva atie sahihi na aondoke na nakala. Makato yakiamuliwa baadaye maabara, basi tiketi iseme wazi kuwa makato bado, na muuzaji apate taarifa yake kabla ankara haijatoka. Nusu ya sampuli ihifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa hadi muda wa kupinga uishe. Bila sampuli hiyo, ubishi wa unyevu hauna mwamuzi, na utaishia kwa mwenye nguvu.

Tiketi iliyoharibika isitupwe. Ifutwe kwenye mfumo huku namba yake ikibaki na sababu iandikwe, kwa sababu pengo kwenye namba za tiketi ni mahali pazuri mno pa kuficha mzigo.

Njia ya kwanza haihitaji ukali wote huu. Hiyo ni hoja ya kweli kwa upande wake: kama mizani yako haiaminiki na huna nia ya kuirekebisha karibuni, acha muuzaji aendelee kuandika ankara zake. Usumbufu unaoupata ndio kinga yako.

Makubaliano na kodi

Huwezi kuamka asubuhi ukaanza kumwandikia mtu ankara. Umoja wa Ulaya, katika Direktiva 2006/112 kifungu cha 224, unataka mambo mawili: makubaliano yaliyofanywa kabla, na utaratibu wa muuzaji kukubali kila ankara. Uingereza makubaliano huwa na tarehe ya mwisho, kwa kawaida miezi 12 au hadi mkataba wa biashara unapoisha. Kenya, marekebisho ya sheria za kodi ya mwisho wa mwaka 2024 yaliweka nafasi kwa mnunuzi kuandaa ankara anaponunua kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 5. Masharti yanatofautiana, kwa hiyo soma ya kwako kabla ya kunakili fomu ya mwingine.

Hata pale sheria isipodai karatasi, mimi singeanza bila karatasi. Iseme muuzaji anakubali mnunuzi aandike ankara kwa mauzo haya, na kwamba yeye hataandika nyingine kwa mauzo hayohayo. Iseme atatoa taarifa mara moja akisajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, akifutiwa usajili, akibadili namba ya mlipakodi au akiuza biashara. Iseme ana siku ngapi za kupinga ankara na apinge kupitia wapi. Na iandikwe kwa lugha anayoisoma.

Ile taarifa ya usajili ndiyo inayounguza watu. Turudi kwenye mzigo wetu wa 123,648. Tuseme kiwango cha kodi ni asilimia 10. Kama muuzaji amesajiliwa, ankara inaongeza 12,364.80, mnunuzi analipa 136,012.80, kisha anadai ile kodi kama kodi ya manunuzi. Kama muuzaji hajasajiliwa, au usajili wake ulifutwa mwezi uliopita, ile 12,364.80 haikutakiwa kuwepo. Mnunuzi amemlipa mtu kodi asiyostahili kuitoza na amedai marejesho yasiyo yake. Mkaguzi wa kodi ataikataa, pengine na riba juu, na kumrudia muuzaji mdogo aliyekwisha kuitumia hela ni kazi bure.

Katika njia ya kwanza kosa hili huanza kwa muuzaji, na mnunuzi ana nafasi ya kulikamata anapopokea. Katika njia ya tatu ni mnunuzi mwenyewe anayelizalisha, na mfumo wake unalirudia kila wiki bila kuchoka. Kwa hiyo kutegemea ahadi ya muuzaji kutoa taarifa hakutoshi. Mamlaka nyingi zina ukurasa wa kuthibitisha usajili kwa namba. Kagua orodha nzima kabla ya kila awamu ya ankara, au angalau kila mwezi, uhifadhi matokeo yenye tarehe. Namba ikirudi bila kutambuliwa, ankara za muuzaji huyo zisimame mpaka mtu aulize. Zisitoke tu bila kodi kimyakimya, maana hilo nalo ni kosa kama usajili bado upo.

Ankara mbili kwa mzigo mmoja

Muuzaji mwenye mhasibu wa kukodi ataendelea kutuma ankara zake kwa mazoea hata baada ya kusaini. Mfumo wa hesabu wa mnunuzi una kinga ya kuzuia malipo mara mbili, lakini kinga hiyo kwa kawaida hulinganisha muuzaji na namba ya ankara. Ankara ya muuzaji ni namba 88, ya mnunuzi ni 0017, mfumo unaona ni vitu viwili tofauti na unalipa zote.

Dawa ni kuhamisha kinga kutoka kwenye namba ya ankara kwenda kwenye namba ya tiketi. Kila mstari wa ankara ubebe namba ya tiketi, na mfumo ukatae tiketi iliyokwisha kuingia kwenye ankara nyingine yoyote. Pamoja na hilo, muuzaji aliye kwenye utaratibu huu awekewe alama kwenye faili lake, ili ankara yoyote inayoingia kutoka kwake kwa bidhaa hiyo isimame. Isimame, nimesema, isitupwe. Huenda inadai kitu halali kisicho kwenye makubaliano, kama usafiri wa ziada.

Namba za ankara nazo zina jambo lake. Mnunuzi mwenye wauzaji mia mbili hupenda kutumia mfululizo mmoja kwa wote. Ni rahisi kwake, lakini muuzaji anayepokea 4410, kisha 4467, kisha 4502, hana namna ya kujua kama kuna iliyompita. Mpe kila muuzaji mfululizo wake. Akipata 0016 kisha 0018, atauliza mwenyewe, na hilo ni jicho la bure.

Wanaotumiana ankara za kielektroniki kwa viwango vya kimataifa wana kitu kidogo cha kuangalia: aina ya hati. Ankara ya kawaida hubeba msimbo 380, ya mnunuzi kujiandikia ni 389, na krediti noti yake, yaani hati ya kupunguza au kufuta ankara iliyokwisha kutoka, ni 261 badala ya 381.

```
<cbc:InvoiceTypeCode>389</cbc:InvoiceTypeCode>
```

Ikitoka na 380, mfumo wa upande wa pili unaweza kuisoma kama bili ya kulipa badala ya mauzo yake, na pande za hesabu zikageuka.

Makosa yakigundulika, ankara iliyotoka haiguswi. Inatolewa krediti noti inayotaja namba ya ankara ya awali na tiketi husika, kisha ankara sahihi. Hili linajulikana. Linalosahaulika ni kwamba muuzaji anatakiwa kuiona krediti noti hiyo na kuikubali kama alivyoikubali ankara, kwa sababu inampunguzia mauzo na kodi ambayo huenda amekwisha kuitangaza.

Kimya kinamaanisha nini

Katika njia ya kati, kimya cha muuzaji kinasimamisha ankara. Katika njia ya tatu, kimya kinahesabiwa kuwa amekubali. Hapa ndipo tofauti halisi ya njia hizi ilipo kwa mtu mdogo, na ndipo mnunuzi mwenye haraka hujidanganya.

Siku 7 za kupinga ni muda wa haki iwapo nakala imemfikia. Nakala iliyotumwa kwenye barua pepe ambayo alifunguliwa na mpwa wake na hajaiingia tangu hapo haijamfikia. Kwa muuzaji wa namna hiyo, ujumbe mfupi wa simu wenye mambo manne unatosha zaidi kuliko faili zuri: namba ya tiketi, kilo za kulipwa, bei, jumla. Anaulinganisha na nakala ya tiketi aliyonayo dereva, amemaliza. Hayo mambo manne ndiyo yanayobishaniwa, mengine ni mapambo ya kisheria.

Na ukiona miezi sita imepita hakuna aliyepinga hata ankara moja kati ya mamia, usishangilie. Mizani hukosea, watu wa ubora hukosea, bei hubadilika katikati ya wiki. Kutokuwepo kabisa kwa ubishi mara nyingi kunamaanisha hakuna anayesoma, au kuna anayeogopa kuwa akilalamika mzigo wake wa kesho utakatwa zaidi. Chagua wauzaji wachache kila mwezi, wapigiwe na mtu asiyehusika na ununuzi, waulizwe: ankara yako ya mwisho ilikuwa ya kilo ngapi? Asipojua, kimya chake hakikuwa kibali. Anayepokea malalamiko pia asiwe yule aliyepima. Hili ni dogo kwenye karatasi, lakini ndilo linaloamua kama kuna atakayelalamika.

Mtu wa ndani

Sijagusa wizi hadi sasa kwa sababu makosa ya kawaida hula pesa nyingi bila msaada wake. Lakini ankara ya mnunuzi inaondoa kikwazo kimoja alichokuwa nacho mwizi wa ndani: kulazimika kutengeneza ankara bandia ya mtu wa nje. Sasa kampuni inamtengenezea. Anahitaji vitu viwili tu, muuzaji hewa kwenye orodha na tiketi hewa mizani. Mwenye uwezo wa kufanya vyote viwili hahitaji kingine.

Kwa hiyo anayesajili wauzaji na kuweka akaunti zao za malipo asiwe na ruhusa ya kuingiza mapokezi. Anayepima asiweze kubadili bei. Bei ziwe kwenye orodha yenye tarehe ya kuanza, iidhinishwe na mtu wa pili, na ankara ichukue bei ya siku ya mzigo, si ya siku ya kuchapa. Akaunti ya malipo ikibadilishwa, muuzaji apigiwe kwa namba ya zamani iliyokuwa kwenye faili, kamwe si ile iliyokuja na ombi la kubadilisha.

Kampuni ndogo yenye watu watatu ofisini haitaweza kutenganisha kazi hizi zote, na sioni haja ya kujifanya. Ifanye ulinganisho mmoja mzito kila mwezi badala yake: kilo zilizolipiwa dhidi ya kilo zilizoingia kwenye mashine, pamoja na zilizobaki stoo. Plastiki hupoteza uzito ikioshwa na kukaushwa, kwa hiyo hazitalingana. Lakini pengo lina ukubwa wake wa kawaida ambao msimamizi wa uzalishaji anaujua, na mzigo hewa hausagiki. Pengo likipanuka, fungua daftari la getini uone kama malori ya tiketi zile yaliwahi kuingia. Katika kukagua huko tafuta pia wauzaji wawili wanaolipwa kwenye akaunti moja au namba moja ya simu.

Uchague ipi

Swali langu la kwanza huwa ni nani anayejua kiasi kabla ya mwingine. Muuzaji akiuza kazi ya ufundi, ushauri, matengenezo, au bidhaa anazozihesabu yeye mwenyewe kabla ya kupakia, namba ziko kwake, basi aandike ankara yake. Kumwandikia ni kumnyang'anya sauti bila kupata chochote, na kwa kazi zinazopimwa kwa saa ni kualika ugomvi.

Kiasi kikijulikana kwa mnunuzi baada ya kupima, mizigo ikiwa mingi na midogo, na bei ikifuata orodha, ankara ya mnunuzi inafaa kweli, mradi tiketi inasainiwa langoni na usajili wa kodi unakaguliwa. Kimojawapo kikikosekana, nisingeendelea.

Njia ya kati ina sifa mbaya kwamba ni ya polepole, na ni kweli, rasimu hukaa bila kujibiwa. Lakini ndiyo ningeichagua kwa kuanzia, hata kwa anayelenga ya tatu. Miezi miwili mitatu ya rasimu itakuonyesha wauzaji wangapi wanasoma, wanapinga nini, na mizani ipi inatajwa mara kwa mara. Wanaojibu kwa wakati na kwa hoja wahamishiwe njia ya tatu. Wasiojibu kabisa wabaki kwenye rasimu, japo hao ndio wanaokera zaidi na ndio mnunuzi angependa kuwahamisha kwanza. Ningeiacha pia rasimu iwe ya kudumu kwa muuzaji aliye karibu na kiwango cha kusajiliwa kodi, kwa sababu hadhi yake inaweza kubadilika katikati ya mwezi.

Makubaliano yakiisha au muuzaji akijitoa, kata kwa namba ya tiketi na si kwa tarehe. Mwandikie kwamba tiketi ya mwisho chini ya utaratibu huu ni fulani, kwamba zote hadi hapo mnunuzi atazitolea ankara, na kuanzia inayofuata ataandika yeye. Ukikata kwa tarehe, mzigo uliopimwa jioni ya siku ya mwisho na kukatwa unyevu kesho yake utapata ankara mbili, au hautapata hata moja.